Profoma Tatu za Mashine Moja

Dokezo la kuomba fedha za mashine ya kuchapia mitihani huwa fupi. Linataja uchakavu wa mashine iliyopo, linaeleza kwamba kununua mpya "kutaboresha utoaji wa elimu", kisha linaambatishwa profoma tatu kutoka kwa wauzaji watatu. Mkuu wa shule anaona amelinganisha. Bodi inalirudisha, naye analalamika kwamba wajumbe ni wagumu.

Wajumbe wana hoja. Profoma tatu za mashine ileile zinaonyesha nani anauza kwa bei nafuu, lakini hazisemi kama mashine hiyo ndiyo inayohitajika. Kabla ya kufika kwa wauzaji, dokezo lilipaswa kujibu swali jingine: shule inachapa kurasa ngapi kwa mwaka, na kuna njia zipi za kuzichapa?

Tuchukue shule ya mfano, ya kutwa, yenye wanafunzi 600 waliogawanyika sawasawa katika vidato vinne. Wanafanya mitihani mara nne kwa mwaka, masomo tisa, kila mtihani kurasa nne. Hizo ni kurasa 86,400. Namba hii ndiyo uti wa mgongo wa ombi zima, na inapatikana kwenye ratiba ya mitihani bila kumuuliza muuzaji yeyote.

Njia ya kwanza ni kuendelea kupeleka kazi steshenari ya mjini. Kwa shilingi 50 kwa ukurasa, karatasi ikiwemo, shule inalipa milioni 4.3 kwa mwaka. Watu wengi huiruka njia hii kwa kuwa haina kitu cha kununua, ilhali nyingine zote zinapimwa kwayo.

Njia ya pili ni mashine ya fotokopi, tuseme ya milioni 5. Ya tatu ni riso, ambayo kwa mfano huu tuiweke milioni 8. Kwa bei peke yake fotokopi imeshinda, na hapo ndipo madokezo mengi yanapokosea.

Fotokopi hutumia tona na joto kwa kila nakala, iwe ya kwanza au ya mia moja. Riso hufanya kazi kwa namna nyingine: inatoboa picha ya ukurasa kwenye masta, inaizungushia kwenye silinda yenye wino, kisha karatasi zinapita kwa kasi. Masta ndiyo ghali, wino ni kidogo. Tukikadiria masta shilingi 400 na wino shilingi 5 kwa nakala, dhidi ya shilingi 20 za tona na vipuri vya fotokopi, riso inaanza kuwa nafuu ukurasa mmoja unapofikisha nakala 27 hivi. Kidato cha wanafunzi 150 kimepita hapo mbali. Mchepuo wa wanafunzi kumi haujafika.

Ukijumlisha karatasi zilizochapwa pande mbili, masta, wino na laki nne za fundi, riso inakula takriban milioni 2.1 kwa mwaka. Inaokoa milioni 2.2, hivyo inarudisha bei yake kabla ya miaka minne kwisha. Fotokopi, kwa hesabu hiyohiyo, inaokoa milioni 1.15 tu na inahitaji zaidi ya miaka minne, ingawa ilinunuliwa kwa bei ndogo.

Umeme nao una nafasi yake. Fotokopi lazima ipashe moto ili tona ishike karatasi, kwa hiyo inavuta umeme mwingi. Riso haina joto hilo na inaendeshwa na jenereta dogo. Shule ambayo umeme hukatika wiki ya mitihani iandike jambo hili kwenye dokezo waziwazi.

Kisha ombi lijaribiwe. Wanafunzi wakipungua hadi nusu, gharama ya masta inabaki palepale kwa sababu maswali ni yaleyale. Akiba inashuka hadi kama laki nane, na mashine inahitaji miaka kumi kujilipa. Shule ndogo ya namna hiyo ingefanya vizuri kuchangia riso moja na shule jirani, mradi wakubaliane mapema nani analinda chumba wakati mitihani inachapwa. Usiri wa mitihani ni faida ya kweli ya kuchapia shuleni, lakini inapatikana tu pale chumba kinapofungwa na masta zilizotumika zinapochomwa. Ukurasa mzima husomeka juu yake.

Wauzaji huja mwisho. Kwa mashine iliyotumika, profoma peke yake haitoshi: muuzaji aonyeshe kaunta ya nakala ilizokwisha kutoa, na athibitishe kwamba wino wake unapatikana, kwa kuwa baadhi ya riso hukataa chupa isiyo na chipu yake. Fundi awe wa mkoani. Mjumbe atakayeuliza hayo kwenye kikao atastahili kujibiwa kwa karatasi.