Bukari nyeupe, sombe nyeusi: kupiga picha za menyu kwa simu

Bukari, sombe na samaki wa kukaanga ni chakula cha kila siku Lubumbashi, lakini ukikipiga picha kwa simu ili kiingie kwenye menyu, mara nyingi hukitambui. Bukari inakuwa doa jeupe lisilo na umbo, sombe inakuwa kama tope. Mwenye mgahawa husema simu yake ni ya bei ndogo. Mimi naitetea simu hiyo.

Simu inapopima mwanga hutafuta wastani. Sombe na meza nyeusi vikijaza picha, huona giza, huongeza mwanga, na bukari inaungua. Bukari ikitawala, hupunguza mwanga na sombe inazama. Ili kujua kama bukari imeungua, ikuze picha kwenye kioo: usipoona alama za mwiko wala kivuli chochote kwenye uso wake, zimepotea, na hakuna marekebisho yatakayozirudisha. Kwa hiyo gusa bukari kwenye kioo, shikilia kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha telezesha alama ya jua kushuka hadi uso wa bukari uonekane vizuri. Sombe itazidi kuwa nyeusi. Iache kwanza, dawa yake ni karatasi, nayo inategemea mahali ulipoweka meza.

Weka meza hatua moja kutoka dirishani au mlangoni, mwanga uingie kutoka ubavuni, tuseme kushoto kwako. Zima taa zote hata kama siku hiyo umeme upo, kwa sababu taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mchana, bukari moja itakuwa na rangi mbili. Flashi nayo huyafanya mafuta ya mawese yang'ae kwa madoa makali. Sasa simamisha karatasi nyeupe upande wa kulia na uisogeze polepole mpaka majani ya sombe yaanze kutofautiana. Ukiisogeza mno, kivuli chote kinakufa na bukari inarudi kuwa bapa.

Kuchagua dirisha kunategemea msimu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua kali siku nzima. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Ukiwa na dirisha moja tu na jua linaingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe jembamba. Wanaouza chini ya turubai la buluu watoke kabisa: rangi ya turubai hushuka juu ya chakula, na samaki huonekana kama ameharibika. Kivuli cha ukuta, chini ya anga wazi, kinafaa zaidi.

Pembe huamuliwa na kimo cha chakula. Bukari ina mgongo, na ukiipiga kutoka juu kabisa inageuka duara tupu. Inamisha simu kama jicho la mtu aliyeketi mezani, karibu nyuzi 45. Samaki mzima aliyelala kwenye sahani anapendeza kutoka juu. Usiisogeze simu karibu mno, kwani kilicho mbele huvimba na kichwa cha samaki kinakuwa kikubwa kuliko mwili. Rudi nyuma, tumia 2x kama simu ina lenzi hiyo. Kama haina, piga ulipo kisha ukate kingo.

Upambaji usizidi ukweli. Mteja akiona samaki wawili kwenye menyu na kuletewa mmoja, ana haki ya kukasirika. Finyanga bukari kwa bakuli lililoloweshwa maji, ipige mapema kabla uso wake haujakauka na kupasuka. Epuka sahani nyeupe, maana bukari hupotea ndani yake. Sahani ya kahawia au ya buluu iliyokolea huipa mpaka. Sombe ipakuliwe mwisho, ikorogwe kidogo ili mawese yatawanyike, halafu ukingo wa sahani ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa cha meza chenye maua makubwa kiondolewe.

Kazi nyingi nzuri huharibika siku ya kupeleka kwa mchapishaji. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Itume kama Document, ibaki ilivyo. Karatasi pia haitoi mwanga kama kioo cha simu, kwa hiyo picha huonekana nyeusi zaidi ikichapwa. Omba ukurasa mmoja wa majaribio, uutazame mchana, kisha uutazame tena usiku chini ya taa za mgahawa, ambako wateja wa jioni watakuwa wakiusoma.