Fomu ya Machi, Likizo ya Desemba

Ni karatasi moja tu, imetolewa fotokopi mara nyingi hadi mistari ya jedwali imeanza kufifia. Kona ya juu kuna muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA, 9 MACHI 2026. Chini, kwa mwandiko wa kujikaza, mwombaji ameandika tarehe ya kuanza likizo: 7 Desemba 2026. Penye sababu ameandika, "Kwenda nyumbani Rombo na familia yote."

Niliiona kwenye meza ya afisa rasilimali watu wa kampuni moja ya usambazaji bidhaa, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilikuwa nimefuata jambo jingine kabisa, lakini ile miezi tisa kati ya tarehe mbili iliniganda kichwani. Mwombaji ni mtunza ghala mwenye watoto watatu. Kwa nini mtu aombe likizo kabla hata ya mvua za masika kukolea, wakati safari yenyewe ni ya Krismasi?

"Watu wanadhani aliyewahi kuomba ana haki kuliko aliyechelewa," aliniambia afisa huyo, mama ambaye ameomba jina lake lisitajwe. "Hana. Kaka yangu, hilo sheria haisemi."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inajulikana kwa zile siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Kisichokumbukwa sana ni kwamba anayepanga lini siku hizo zichukuliwe ni mwajiri. Anachobanwa nacho ni kutozichelewesha zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Mfanyakazi akikubali, na mahitaji ya kazi yakidai hivyo, muda huo unaweza kufika miezi 12.

Mtunza ghala huyu aliajiriwa tarehe 1 Agosti, kwa hiyo mzunguko wake umekwisha 31 Julai 2026, na mwajiri ana hadi 31 Januari 2027. Yule mama alivuta kalenda ya ukutani akanionyesha maana yake. "Ningeweza kumpangia aanze 4 Januari. Hesabu mwenyewe." Nilihesabu: siku ya 28 inaangukia 31 Januari barabara. Likizo imetolewa, sheria imetimizwa, na watoto wake wanarudi darasani mwezi huohuo. "Sijavunja kitu. Ila familia nimeivunjia safari."

Kisha akahesabu Desemba, taratibu, kwa ncha ya kalamu. Siku 28 za kisheria ni za mfululizo, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu zikiangukia humo zimo pia. Kuanzia Jumatatu 7 Desemba, siku ya mwisho ni Jumapili 3 Januari, na kazini anarudi Jumatatu tarehe 4. Humo ndani kuna siku 20 za Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini Uhuru ni Jumatano, Krismasi ni Ijumaa, na Mwaka Mpya ni Ijumaa. Siku hizo tatu angepumzika hata asingeomba likizo, na sasa zimeliwa.

"Akiondoka kwenye wiki zisizo na sikukuu, anapata siku 20 kamili za kutokuja kazini. Desemba anapata 17. Nilimwambia hivyo Machi ileile. Akanijibu, 'Mama, Desemba ndipo mama yangu anapotungoja.' Basi, nikagonga muhuri."

Muhuri huo, alisisitiza, si ruhusa. Fomu ina sehemu tatu za sahihi: mwombaji, mkuu wa idara, na yeye. Kabla ya zote kuna mstari wa jina la atakayekaimu, na hapo ndipo maombi mengi yanapokwama. Wapo waliokata tiketi za basi kwa kutegemea muhuri wa kupokelewa, kisha mkuu wa idara akakataa kutia sahihi. Yeye humwambia kila anayeleta fomu: usilipe nauli mpaka uone sahihi ya tatu, na uondoke na nakala yake.

Kwa mtunza ghala, mkuu wa idara hakutia sahihi mwezi Machi. Sababu yake ilikuwa ya kweli: tarehe 31 Desemba ghala huhesabiwa lote, na msaidizi wa mtunza ghala hakuwahi kusimamia hesabu hiyo. Likija ombi la namna hiyo Novemba, jibu ni hapana, na hakuna wa kulaumiwa. Lililokuja Machi liliacha nafasi. Walikubaliana kwamba hesabu ya nusu mwaka, mwishoni mwa Juni, msaidizi aiongoze na mwenyewe asimame pembeni. Hesabu ilitoka sawa na vitabu. Jina la msaidizi likaandikwa kwenye mstari wa kukaimu, na sahihi ya tatu ikawekwa 2 Julai.

"Faida ya kuwahi ni hiyo tu," alisema. "Hujapata haki mpya. Umetupa muda wa kuondoa kikwazo. Na kama ni kukataliwa, ukataliwe mapema, bado una pa kugeukia."

Aliyekataliwa mwishoni mwa Novemba hana pa kugeukia. Anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini usuluhishi peke yake umepewa hadi siku 30. Hata akishinda, Krismasi imepita na bibi kule Rombo amekula na majirani.

Mambo mawili zaidi yule mama aliyafanya siku ileile ya Machi. Alifungua faili la mwombaji kutazama kama aliwahi kuomba ruhusa za dharura zenye malipo ndani ya mzunguko ule, maana sheria inamruhusu mwajiri kuzitoa kwenye zile 28. Hazikuwepo. Halafu akamuuliza kuhusu mkewe, ambaye ni muuguzi wa zamu kwingine. "Nilimwambia aombe wiki hiihii, asisubiri yako ijibiwe. Nyumba yenye waajiri wawili ina ratiba mbili, na ikikwama moja zimekwama zote." Mke aliomba. Nilipoondoka ofisini pale, jibu lake lilikuwa bado.

Nilimuuliza swali ambalo hata yeye hakuwa na jibu lake. Je, sahihi ya tatu ikishawekwa, kampuni inaweza kuibatilisha Desemba ikifika? Alinyamaza kwanza. Fomu yao haisemi. Mikataba yao ya ajira haisemi. Yeye mwenyewe anaona ni aibu kumrudisha mtu aliyekwisha kulipia nauli ya watu watano, na asingeshiriki. Lakini aibu si kifungu, na yeye si wa mwisho kuamua pale ofisini.

Familia hii imefanya kila linalowezekana upande wake: imeomba mapema, imekubali kupoteza siku tatu, imemwandaa wa kukaimu. Ni haki kuuliza upande wa pili umefungwa na nini. Nauli ikipotea kwa sababu mwajiri amebadili mawazo, nani anairudisha? Na kwa nini fomu yenye nafasi ya sahihi tatu haina hata mstari mmoja wa kulijibu swali hilo?