Lakabu na Jina la Kisheria: Mifano ya Korogwe na Handeni

1.0 Utangulizi

Katika fasihi na sanaa za Kiswahili, lakabu ni jina analojulikana nalo msanii au mwandishi mbali na lile alilosajiliwa nalo. Huenda akajichagulia mwenyewe, au akabandikwa na hadhira naye akaridhika nalo. Makala haya yanaeleza jinsi lakabu inavyofanya kazi, na mahali ambapo sheria ya Tanzania huitenga na jina halisi.

2.0 Mfano wa Korogwe

Mfano unaofahamika sana ni wa Stephen Hilary Ngonyani, mganga wa jadi aliyejulikana kwa lakabu ya Profesa Maji Marefu. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Korogwe Vijijini, na alikuwa mbunge hadi alipofariki mwaka 2018. Wananchi walimwita Maji Marefu, na magazeti yaliandika majina yote mawili. Kumbukumbu za Bunge, hata hivyo, zilimtambua kwa jina la Ngonyani.

Lakabu hiyo ina sehemu mbili. "Maji marefu" ni sitiari ya kina kisichopimika, na humfaa mtu anayedai kujua yaliyofichika. "Profesa" ni cheo kilichohamishwa kutoka chuoni hadi mtaani, na maana yake hapa ni bingwa. Uhamisho huohuo unaonekana kwa Joseph Haule, mwanamuziki anayeitwa Profesa Jay, ambaye naye alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Hadhira haidanganyiki, kwa kuwa neno linalofuata cheo huonyesha kwamba hiki si cheo cha taaluma. Lakabu yenye cheo kisichofuatwa na ishara ya namna hiyo ingeweza kupotosha.

3.0 Lakabu na hakimiliki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haimlazimishi mtunzi kutumia jina halisi. Kazi hulindwa kwa kuwa imetungwa. Jina lililoandikwa juu yake huathiri mambo mengine mawili, yaani uthibitisho na muda.

Kuhusu uthibitisho, Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, humchukulia mwenye jina lililo juu ya kazi kuwa ndiye mtunzi hadi ithibitishwe vingine. Kanuni hii huihusu hata lakabu, mradi isiache shaka yoyote juu ya mwenyewe. Shaka ikiwapo, mchapishaji ambaye jina lake limo kitabuni ndiye huhesabiwa kuwa mwakilishi wa mtunzi, hadi mtunzi ajitambulishe na kuthibitisha dai lake.

Kuhusu muda, tuchukue mfano wa kubuni wa mshairi wa Handeni aliyechapisha diwani mwaka 2005 kwa lakabu ya Malenga wa Handeni, akaja kufariki mwaka 2045. Ikiwa anajulikana ni nani, haki zake za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2095. Ikiwa hakujulikana kamwe, miaka 50 huhesabiwa tangu kuchapishwa, na ulinzi hukoma mwisho wa 2055. Warithi wamepoteza miaka 40 kwa sababu ya siri iliyotunzwa mno. Siri hiyo ikifichuliwa kabla ya 2055, hesabu ya kwanza ndiyo hufuatwa.

4.0 Mipaka ya lakabu

Hakimiliki hulinda shairi wala hailindi lakabu yenyewe. Mshairi wa pili akijiita Malenga wa Handeni, wa kwanza hawezi kumzuia kwa hoja ya hakimiliki pekee. Anayetaka kulilinda jina katika soko hulisajili BRELA kuwa alama ya biashara au huduma. Kusajili jina la biashara ni jambo jingine: huonyesha tu ni nani anayefanya biashara kwa jina lile.

Aidha, lakabu haibadilishi jina la mtu. Anayetaka kubadili jina hasa huandaa hati ya kisheria ya kubadili jina na kuisajili kwa Msajili wa Hati, kisha hurekebisha kitambulisho na nyaraka nyingine. Asiyefanya hivyo hubaki na jina lake la awali benki, mahakamani na katika mirathi. Ndiyo maana hundi iliyoandikwa kwa lakabu huweza kukataliwa ingawa kila mtu sokoni anamjua mwenyewe.

Tatizo hili huzuiwa wakati wa kuandika mkataba. Mtunzi hutajwa kwa jina lake kamili, likifuatwa na maneno "anayejulikana kwa jina la kalamu la" na lakabu yake, kisha husaini kwa jina halisi. Jaladani itabaki lakabu peke yake. Anayetaka kujificha kwa wasomaji huongeza sharti la usiri, na nakala ya mkataba huihifadhi mahali ambapo warithi wake wataipata.

5.0 Hitimisho

Lakabu humtambulisha mtunzi kwa hadhira, na jina la kisheria humtambulisha kwa dola. Pale ambapo hakuna waraka unaoyaunganisha majina hayo mawili, kazi huweza kuwa mashuhuri huku warithi wa mtunzi wakikosa namna ya kuthibitisha kwamba ilikuwa yake.