Je, Wajua? Magadi Ndiyo Yanayoupa Ugoro Makali

Je, wajua kwamba ugoro wa jani tupu humpa mtumiaji nikotini kidogo tu? Ntalikwa, kama ilivyo Urambo na Sikonge, hakuna asiyelijua jani la tumbaku. Lakini jani likishakaushwa kwa joto la bani huwa na uchachu, na nikotini iliyo kwenye uchachu haipenyi kwa urahisi utando wa mdomo wala wa pua. Sehemu kubwa hubaki kwenye mate na kutemwa. Ndiyo maana anayesaga ugoro huongeza magadi, au majivu.

Je, wajua magadi hufanya nini humo? Huondoa uchachu. Wataalamu hupima uchachu kwa pH: maji safi ni 7, chini ya hapo ni uchachu. Kwenye pH 6, nikotini iliyo huru kupenya ni kama sehemu 1 tu kati ya 100. Kwenye 8 inafika karibu nusu, na kwenye 9 ni kama sehemu 90. Jani ni lile lile na kiasi ni kile kile, ila kinachoingia kwenye damu kimeongezeka mara nyingi. Kwa hiyo vipakiti viwili vya ugoro vinavyofanana kwa rangi na uzito vinaweza kutofautiana sana kwa nguvu, na mnunuzi hana pa kusoma. Ugoro unaochoma ufizi mara tu unapowekwa, mara nyingi umetiwa magadi mengi. Asiyeuzoea hutokwa jasho, husikia kizunguzungu na kichefuchefu: hiyo ni nikotini iliyozidi.

Je, wajua kwamba wenyeji wa Ujiji waliijua siri ya kukawiza tumbaku? Richard Burton alipita Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwaka 1857, akafika Ujiji mwanzoni mwa 1858. Aliwakuta watu wakiloweka tumbaku kwenye kijungu kidogo, wakikamua maji yake na kuyavuta puani, kisha wakiibana pua kwa vidole au kwa kibanio kidogo cha chuma ili yasitoke upesi. Kadiri nikotini inavyokaa juu ya utando, ndivyo inavyozidi kuingia.

Je, wajua kwamba ukiumeza ugoro unapata kidogo? Kinachopita tumboni hupelekwa kwanza kwenye ini, na ini huvunja sehemu kubwa ya nikotini. Kinachopita shavuni au puani huingia moja kwa moja kwenye damu.

Sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache, kisha inashuka. Ugoro wa mdomoni hupanda polepole, hufika kileleni baada ya kama nusu saa, na hukaa juu kwa muda mrefu. Mwishowe bano moja linaweza kuingiza nikotini nyingi kuliko sigara moja. Anayesema "mimi sivuti, nabwia tu" asijidanganye kwamba mwili wake umepumzika.

Moyo ndio unaobeba mzigo huo. Nikotini huamsha adrenalini: mapigo huongezeka, mishipa hubana, presha hupanda, na hali hiyo hudumu kwa muda wote ugoro ukiwa mdomoni. Ni kweli kwamba ugoro hauna hewa ya kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi. Hata hivyo utafiti wa INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ulikuwa zaidi ya mara 2 kwa watafunaji wa tumbaku ukilinganishwa na wasioitumia kabisa. Mwenye presha anayebwia anajiongezea hatari juu ya hatari.

Je, wajua kwamba kansa haitoki kwenye nikotini yenyewe? Wenye lawama kubwa ni nitrosamini, sumu zinazojijenga wakati jani linapokaushwa, kuvundikwa na kuhifadhiwa. Kiasi chake hutofautiana: snusi ya Uswidi ina kidogo, tombaku ya Sudani, ambayo nayo huchanganywa na magadi, imepimwa ikiwa na nyingi mno. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limethibitisha kwamba tumbaku isiyo ya moshi husababisha kansa ya mdomo, ya umio na ya kongosho.

Mdomo hutoa onyo mapema. Vuta mdomo wa chini mbele ya kioo, mahali pale pale unapouweka ugoro kila siku. Ukiona ngozi imekunjamana na kuwa nyeupe, na weupe haufutiki kwa kitambaa, hilo ndilo baka la ugoro. Ufizi wa hapo nao hurudi nyuma na kuacha mzizi wa jino wazi. Habari njema ni kwamba kwa wengi baka hilo huondoka ndani ya wiki chache mtu akiacha.

Lakini baka lenye wekundu, uvimbe mgumu, ganzi, au kidonda kisichopona kwa wiki 2, hata kama hakiumi, usisubiri. Nenda hospitali ya Kitete, mwoneshe daktari wa meno, na umwambie waziwazi kwamba unabwia ugoro na ni upande gani unauweka.