Taimshiti Inasema 7.75? Hiyo Sio Saa Saba na Dakika 75, Cheki Usichezwe

Tuseme uko kibarua hapa 64, Eldoret. Umeingia saa mbili asubuhi, ukatoka saa kumi na dakika 45 jioni, na ile saa moja ya lanchi haihesabiwi. Taimshiti inasoma 7.75. Inamaanisha nini?

Saa ina dakika 60, lakini desimali inaigawa mara 100. Kwa hivyo ile 7 iache vile iko, chukua .75 pekee uzidishe na 60. Unapata 45. Umepiga masaa 7 na dakika 45.

Noma huanza kwa kuandika. Msee wa ofisi akiona dakika 45 aandike 7.45, umeliwa, juu .45 mara 60 ni dakika 27. Dakika 18 zimeyeyuka. Kama unalipwa soo mbili kwa saa, ulifaa kupata 1,550 lakini utapewa 1,490. Utasema ni mbao tatu tu. Sawa, zidisha na siku 26 za kazi: 1,560. Hiyo imepita doo ya siku nzima, manze!

Utajuaje? Pitia taimshiti ya mwezi wote. Kama hakuna pointi hata moja imepita .59, na masaa yako hubadilika kila siku, kuna uwezekano mkubwa mtu anaandika dakika kama desimali. Mwambie agawanye dakika na 60 kwanza: 45 ÷ 60 = 0.75. Fanya hivyo kabla mshahara haujaingia.