Uso wa mzee kwa herufi themanini

Kugeuza picha kuwa mchoro wa herufi si kazi ngumu siku hizi. Zipo programu tele za bure zinazopokea picha upande mmoja na kutoa maandishi upande wa pili. Shida huja pale unapoiweka picha ya mzazi wako ukategemea kuuona uso wake, kisha ukaona doa jeusi lenye umbo la kichwa, tena refu kuliko kichwa cha binadamu. Programu haikuharibika. Ilifuata vipimo vilivyopangwa na mtu mwingine, kwa ajili ya picha nyingine. Vipimo vyenyewe ni vitatu, na yeyote anayeweza kugawanya na kuzidisha anaweza kujipangia vyake.

Kanuni ya mchezo ni moja. Kila alama ya kibodi hula kiasi fulani cha wino. Nukta hula kidogo, alama ya kuzidisha hula zaidi, @ hula sana, na nafasi tupu haili chochote. Picha hukatwa vipande vidogo vya mstatili, wastani wa mwanga wa kila kipande huhesabiwa, kisha huwekwa alama yenye wino unaolingana na mwanga huo. Mwaka 1966, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Knowlton na Leon Harmon walifanya hivyo kwa picha ya mwanamke aliyejilaza, wakatumia alama ndogondogo za mafundi wa umeme mahali pa vivuli. Ukiikaribia kazi yao unaona alama tupu. Ukisogea mbali unamwona mtu. Seti ya ASCII tunayoitumia katika michoro hii ina alama 95 zinazochapika, nafasi tupu ikiwemo, na huhitaji hata robo yake.

Tuchukue picha moja tuifuate hadi mwisho. Ni picha ya simu ya mzee mvuvi, ngozi yake nyeusi, amevaa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, nyuma yake ukuta wa chokaa. Ina upana wa pikseli 1200 na urefu wa 1600. Tunataka mchoro wenye herufi 80 kwa kila mstari. Mistari iwe mingapi?

Wengi hupiga hesabu ya haraka: picha inazidi upana wake kwa theluthi moja, basi 80 inakuwa 107. Hapo ndipo kichwa kinaporefuka, kwa sababu wamesahau kwamba herufi haikai kwenye mraba. Inakaa kwenye chumba chembamba kirefu. Katika dirisha la amri la kompyuta, chumba hicho huwa na urefu unaokaribia mara mbili ya upana wake, kwa hiyo mistari 107 ingemfanya mzee awe na uso mrefu karibu maradufu. Hesabu sahihi ni kuzidisha pia kwa uwiano wa chumba, yaani upana wake ugawanywe kwa urefu wake, ambao hapa ni 0.5. Tunapata mistari 53. Kila herufi sasa inasimamia eneo la pikseli 15 kwa 30, na kwa kuwa eneo hilo lina umbo lilelile la chumba cha herufi, uso unabaki na sura yake.

Lakini 0.5 si amri ya mbinguni. Fonti ya Courier New katika programu ya kuandikia barua, mistari ikiwa na nafasi ya kawaida, hukaribia 0.53, na ukiongeza nafasi kati ya mistari uwiano unashuka. Usikisie. Andika alama ya # mara 20 kwenye mstari mmoja, nakili mstari huo hadi iwe mistari 10, kisha weka rula juu ya skrini au karatasi. Ukipata mraba, uwiano wako ni 0.5. Usipopata, chukua upana wa boksi ugawanye kwa 20, chukua urefu wake ugawanye kwa 10, halafu gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Fonti yenyewe lazima iwe ile inayozipa herufi zote upana sawa. Katika fonti za kawaida i ni nyembamba na m ni nene, na mchoro wowote utapinda mstari kwa mstari hadi usitambulike.

Umbo limekaa sawa. Sasa mwanga, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo nyuso zetu zinapopotea.

Mwanga wa kila pikseli, rangi zikishaondolewa, hupimwa kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Programu ya GIMP na nyinginezo za kuhariri picha zitakuonyesha namba hizo ukigusa sehemu ya picha kwa chombo cha kuchukulia rangi. Kwa mzee wetu tuseme ukuta ni 230 na kofia ni 200. Paji la uso lililopigwa na jua ni 110, shavu ni 95, kivuli chini ya jicho ni 45, na jicho lenyewe 30. Angalia jinsi uso mzima ulivyobanwa chini ya 110. Zaidi ya nusu ya kipimo imechukuliwa na kofia na ukuta.

Tuseme ngazi yetu ina alama kumi, kutoka nzito hadi tupu: `@%#*+=-:. `. Programu isiyojali itagawa 0 hadi 255 mafungu kumi yaliyo sawa. Uso wa mzee utaangukia mafungu manne tu, na jicho pamoja na kivuli chake vitapewa alama moja ileile. Ukuta nao, badala ya kuwa mtupu, utajaa nukta kutoka pembe hadi pembe. Ukikata mstari mmoja katikati ya jicho, kuanzia paji upande huu hadi upande wa pili, utaona hivi:

```
+*#%%%%#*+
```

Programu nyingi zina kitufe cha kuongeza tofauti ya mwanga, na watu hukimbilia hicho. Hakisaidii sana hapa. Kitufe hicho hutafuta sehemu nyeusi kuliko zote na sehemu nyeupe kuliko zote, kisha huvuta vyote vilivyo kati. Ukuta tayari ni mweupe na jicho tayari ni jeusi, kwa hiyo hakuna cha kuvuta. Vikivutwa kutoka katikati ya kipimo, uso ndio utakaozama zaidi gizani.

Dawa ni kuamua wewe mwenyewe nani apewe alama nyingi. Mimi humpa mtu, si ukuta. Mwanga wa 25 hadi 125 tunaugawa kwa alama nane za mwanzo. Kila kitu kati ya 125 na 215 kinapata nukta, na kinachozidi 215 kinapata nafasi tupu. Matokeo yake ni kwamba ukuta unatoweka wote, kofia inabaki kama wingu jepesi la nukta juu ya kichwa, na uso unapata nafasi ya kupumua. Mstari uleule wa jicho unakuwa hivi:

```
-=#%@@%#=-
```

Jicho limetengana na kivuli chake, na paji limeng'aa. Ningeikata ngazi yote ifikie 125 bila kuiachia kofia fungu lake, uso ungenufaika kidogo zaidi, lakini kofia ingeyeyuka ukutani na mzee angebaki bila utosi. Ndiyo maana namba hizi haziwezi kunakiliwa kutoka picha moja kwenda nyingine. Gusa shavu, gusa jicho, gusa kilicho nyuma, kisha panga mipaka.

Kwa wenye Python na maktaba ya Pillow, kazi yote ni hii:

```python
from PIL import Image
herufi = "@%#*+=-:. "
picha = Image.open("mzee.jpg").convert("L")
upana = 80
urefu = round(upana * picha.height / picha.width * 0.5)
picha = picha.resize((upana, urefu), Image.BOX)

def ngazi(v):
    if v > 215: return 9
    if v > 125: return 8
    return max(0, min(7, int((v - 25) / 100 * 8)))

for y in range(urefu):
    print("".join(herufi[ngazi(picha.getpixel((x, y)))]
                  for x in range(upana)))
```

Mchoro ukitoka umelala ubavu, simu ilihifadhi picha kwa upande na kuacha maelekezo ya kuigeuza ambayo programu hii haiyasomi. Igeuze kwanza, uihifadhi upya. Na ukitoka kama negativu ya filamu, nywele nyeupe na meno meusi, basi skrini yako ni nyeusi yenye maandishi meupe. Huko alama nzito ndiyo inayotoa mwanga, kwa hiyo ngazi igeuzwe kichwa chini: ianze na nafasi tupu na imalizie na @.

Imebaki kuchagua alama zenyewe. Kuna ngazi mashuhuri ya alama 70 inayozunguka mitandaoni, na wanaoanza huiona ni bora kwa sababu ina alama nyingi. Kwa uso siikubali. Uzito wa alama hutegemea fonti: katika fonti moja Z inaizidi O, katika nyingine mambo yanageuka. Alama 70 zikipangwa kwa fonti ya mtu mwingine, nyingi zitakuwa zimepishana nafasi, na shavu laini litajaa vidoadoa ambavyo havikuwepo kwenye picha. Tena alama mbili zenye wino uleule zinaweza kuuweka mahali tofauti. Mstari wa chini `_` huuweka sakafuni na alama ya kunukuu huuweka darini, kwa hiyo zikijipanga shavuni huchora mikunjo ya uongo. Alama kama `/` na `|` nazo huvuta jicho zikiwa kundi.

Kuna jaribio la dakika chache la kuikagua ngazi yoyote. Chapa boksi la kila alama, upana 10 na urefu 5, uyapange maboksi kwa mfuatano katika fonti utakayotumia. Rudi nyuma hatua chache, fumba macho nusu. Weusi ushuke taratibu kutoka boksi hadi boksi. Boksi linalong'aa kuliko linalolifuata halipo mahali pake, na maboksi mawili usiyoweza kuyatofautisha yanatosha kuwa moja. Utaona pia kwamba hata @ haifikii weusi kamili, kwani karatasi nyingi inaonekana katikati yake. Mchoro wa herufi hauna nyeusi ya kweli, na picha ya usiku haifai kuhangaikiwa.

Ukiridhika, fikiria mchoro utakwenda wapi. Skrini ya simu iliyosimama kwa kawaida haitoshi herufi 80 kwenye mstari. Itaikunja mistari na uso utasambaratika. Ukimtumia ndugu kwa simu, piga picha ya skrini ya kompyuta umtumie hiyo. Ukimpelekea kwa karatasi, pima uwiano upya kwenye karatasi yenyewe kabla ya kuchapa.