Scar Hakuwahi Kumwona Freddy

Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilipeleka kwenye majumba ya sinema filamu iitwayo Chimpanzee. Ni hadithi ya Oscar, mtoto wa sokwe anayeishi na mama yake Isha katika msitu wa Taï, kusini-magharibi mwa Kodivaa. Ng'ambo ya pili kuna kundi la majirani wakorofi, na kiongozi wao, dume aitwaye Scar, ameikodolea macho miti ya kokwa ya akina Oscar. Uvamizi unatokea, Isha anapotea, mtoto anabaki yatima. Kila mama anayemkimbilia ana wake wa kunyonyesha. Mwishowe anayempokea ni Freddy, dume kiongozi, ambaye hakuna aliyemtarajia kujishughulisha na malezi. Anampasulia kokwa na kumbeba mgongoni.

Hapo kwenye malezi hakuna uongo. Mtafiti Christophe Boesch alianza kuwafuatilia sokwe wa Taï mwaka 1979, na mwaka 2010 yeye na wenzake walikwisha kuandika kuhusu sokwe wazima wa msitu huo, wakiwemo madume, waliowalea yatima. Freddy na Oscar walikuwepo, na wapiga picha walibahatika kuwa nao.

Ila Scar hakuwahi kumwona Freddy. Sokwe wanaoonekana kama jeshi la Scar walipigwa picha Ngogo, katika hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda. Kutoka hapo hadi Taï ni zaidi ya kilomita 4,000, na si sokwe wa jamii moja hata kwa uainishaji wa kisayansi: wale ni sokwe wa magharibi, hawa ni wa mashariki. Vita tulivyoviona vilipiganwa kwenye meza ya mhariri wa picha.

Namna ya kuvipigana si ngumu kuieleza. Chukua picha ya sokwe wa Taï wakila kwa utulivu. Ifuatishe picha ya madume wa Ngogo wakitembea kwa mstari mmoja, kimyakimya, wakinusa ardhi, kama wafanyavyo sokwe wanapokagua mipaka yao. Rudi Taï: mmoja ameinua kichwa. Huenda alisikia tawi likivunjika, huenda alimsikia mpiga picha akikohoa. Lakini jicho la mtazamaji limekwisha kuunganisha: huyu amewasikia wale. Halafu weka mbio, mayowe na majani yanayotikisika, picha fupifupi za sekunde moja au mbili, na hakuna atakayeuliza nani ni nani.

Kuna njia mbili za kugundua mshono huo. Ya kwanza ni kuangalia kama mahasimu wamewahi kuonekana pamoja ndani ya picha moja. Freddy na Scar wasingeweza. Ya pili yahitaji kuwajua wanyama wenyewe. Sokwe wa Taï hupasua kokwa kwa kuziweka juu ya mzizi au jiwe na kuzigonga kwa gogo au jiwe lingine, ufundi ambao mtoto huchukua miaka kuujua. Sokwe wa Uganda hawafanyi hivyo. Basi lile jeshi linalodaiwa kuja kupora miti ya kokwa ni la sokwe ambao kwao hakuna apasuaye kokwa kwa jiwe.

Kinachoyashikilia yote haya pamoja ni jina. Bila jina, mhariri ana saa nyingi mno za picha za sokwe mbalimbali, za miezi na misimu tofauti. Akishasema "huyu ni Scar", kila dume mwenye uso wa ukali aweza kutumika, mradi awe mweusi na asitulie mbele ya kamera. Na jina lenyewe limebeba hukumu. Scar maana yake ni kovu, na aliyewahi kutazama katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, ya Disney hiyohiyo, anakumbuka kwamba Scar ni yule baba mdogo aliyemuua ndugu yake ili atawale. Kesi imekwisha kabla mshtakiwa hajafungua mdomo.

Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura na Fisi hatuwezi kujifanya kwamba mchezo huu ni mgeni kwetu. Lakini katika hadithi zetu hakuna mtoto aliyemwuliza bibi ni sungura yupi. Sungura ni sungura wote, na sote twajua. Filamu inadai kitu kingine, kwamba huyu ni mmoja, yuko kweli, na haya yalimpata yeye.

Jambo hili linachekesha kidogo ukikumbuka desturi hii ilipata nguvu wapi. Jane Goodall alipofika Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Julai 1960, aliwapa sokwe majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Wasomi wa Cambridge walimkosoa, wakitaka awape namba, maana jina humfanya mtafiti aone utu pasipo na utu. Historia imempa Goodall haki. Kule Gombe jina lilikuwa kinga dhidi ya kuchanganya: Flo alikuwa Flo, na ukimwandika Flo ulipaswa kuwa umemwona Flo. Filamu ililichukua jina na kulipa kazi iliyo kinyume kabisa, ya kuwafunika wengi chini ya mmoja.

Halafu inakuja sauti. Lenzi ndefu humleta mnyama wa mbali hadi miguuni pako, lakini kipaza sauti hakina uwezo huo. Ndiyo maana nyayo, kutafuna na majani kuvunjika, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa studio na mtu mwenye kanda, vitambaa na mboga mbichi. Msimulizi huingia karibu na mwisho, picha zikiwa zimekwisha kupangwa. Katika Chimpanzee ni mwigizaji Tim Allen, na ndiye anayejaza pale kamera ilipokosa. Kifo cha Isha hatukioni. Tunaelezwa tu kwamba huenda chui alimkuta. Sentensi moja ya sauti ya upole imebeba tukio ambalo hadithi nzima imesimama juu yake.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu filamu ya dakika 78 inamtaka mtazamaji atake kujua kitakachofuata, na msitu wenyewe haujali kitu hicho. Siku nyingi sokwe hula, hulala, huchanana manyoya. Upande tutakaoshabikia huamuliwa na mahali hadithi inapoanzia. Anza na watoto wa simba waliokonda kwa njaa, nasi tutamwombea mama yao apate nyama. Anza na ndama wa nyumbu anayejaribu kusimama kwa mara ya kwanza, na simba yuleyule, siku ileile, anageuka jambazi.

Hilo si la kubuni. Limewapata hao hao wa Ngogo. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa nao kwa miaka kumi waliandika kwamba sokwe hao walikuwa wameua majirani kadhaa, kisha wakaitwaa ardhi ya mapigano hayo na kupanua eneo lao kwa asilimia 22. Ukali wao ulikuwa wa kweli, ila wahanga walikuwa Waganda wenzao, wala si Freddy. Mwaka 2023 Netflix ikatoa Chimp Empire, filamu ya sehemu nne kutoka Ngogo, sauti ikiwa ya mwigizaji Mahershala Ali. Safari hii kamera ilianzia upande wao. Dume kiongozi aliitwa Jackson, na alipokufa kwa majeraha ya vita, walioutazama mfululizo huo walimlilia.